Sungura wa Darasa Amekufa: Hadithi ya Kuwasomea Watoto wa Miaka Sita

Sungura anayefugwa darasani huwa na watu wake. Kuna wa zamu ya mchicha, kuna wa zamu ya maji, na kuna wale wanaopita kwenye banda kumwita jina lake kabla hata hawajamwamkia mwalimu. Siku akikutwa amekufa, mwalimu hubaki na dakika chache tu kabla kengele haijalia. Katika dakika hizo hujiwa na mawazo matatu ya haraka: aseme sungura amepelekwa kijijini, atafute mwingine wa rangi ile ile, au aseme amelala.

Yote matatu humwokoa mwalimu asubuhi hiyo na kumwachia mtoto mzigo. Aliyeambiwa sungura amepelekwa kijijini atauliza kila wiki anarudi lini. Aliyewekewa sungura mwingine mara nyingi humtambua, na kinachobaki kichwani ni kwamba watu wazima hudanganya. Aliyeambiwa sungura amelala akatolewa nje akafukiwa, huyo anaweza kuogopa kitanda chake mwenyewe.

Njia iliyo bora ni kusema ukweli kwa maneno machache, kisha, siku hiyo au kesho yake, kuwasomea hadithi fupi ya mnyama mwingine wa darasa lingine. Mtoto wa miaka sita huona taabu kusema "mimi naogopa". Kumsemea mtoto wa kwenye hadithi humjia kwa urahisi zaidi. Hadithi hiyo nimeiandika hapa kipande kwa kipande, na kila kipande nitaeleza kwa nini kimeandikwa hivyo, ili mwalimu au mzazi aweze kubadilisha majina na mnyama bila kuharibu kilicho ndani.

Kwanza tujue mtoto wa umri huo anaelewa nini. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Maria Nagy alichapisha utafiti alioufanya Budapest, Hungaria, kwa watoto 378 wa kati ya miaka mitatu na kumi. Wadogo kabisa walieleza kifo kama safari au usingizi: aliyekufa yupo mahali, ila hawezi kuja sasa hivi. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Mark Speece na Sandor Brent, walikusanya tafiti nyingi za aina hiyo na kuonyesha kwamba mtoto hujifunza mambo kadhaa tofauti, na si lazima yamjie yote kwa mpigo. La kwanza ni kwamba aliyekufa harudi. La pili ni kwamba mwili wake haufanyi kazi tena: hauli, hausikii, hauumwi. La tatu ni kwamba kila kilicho hai kitakufa. Watoto wengi huyashika mambo haya kati ya miaka mitano na saba. Kwa hiyo mtoto wa miaka sita yuko katikati. Anaweza kukuambia kwa uhakika kabisa kwamba sungura amekufa, halafu akuulize kama huko shimoni atasikia baridi.

Wapo watakaosema watoto wetu wamezoea, wameona kuku akichinjwa na mbuzi wa Idi akichunwa. Ni kweli wameona. Lakini kuku wa Jumapili hakuwa na jina wala zamu ya mchicha. Mtoto yule yule aliyeshika miguu ya kuku bila wasiwasi anaweza kulia siku tatu kwa ajili ya sungura wa darasa, na hakuna kinachogongana hapo.

Hadithi inaanza hivi:

"Pamba alikuwa sungura mweupe wa Darasa la Kwanza. Banda lake lilikuwa chini ya dirisha. Alipenda mchicha. Hakupenda kelele. Watoto wakipiga kelele, alilaza masikio yake nyuma.

Jumatatu asubuhi Neema na Salim walileta mchicha. Pamba hakuja mlangoni. Alikuwa ubavu kwenye majani makavu, macho wazi, hatikisiki. Neema akamwita Mwalimu Rehema. Mwalimu akaweka mkono kwenye kifua cha Pamba, akangoja. Kisha akanawa mikono kwa sabuni, akawaita watoto wote wakae kwenye mkeka.

'Nina habari ya kusikitisha,' akasema. 'Pamba amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Moyo haudundi na hapumui. Haoni, hasikii, haumwi, haoni njaa wala baridi. Hatakuwa hai tena.'

'Akiamka tutampa mchicha,' akasema Salim.

'Hataamka, Salim. Kulala ni kitu kingine. Wewe ukilala, moyo wako unadunda usiku kucha, na asubuhi unaamka. Pamba hakulala. Pamba amekufa.'"

Hapa neno "amekufa" limesemwa wazi, na limesemwa mara mbili. Kiswahili kina njia nyingi za heshima za kuzunguka jambo hili: ametutoka, ametangulia, hatunaye, amepumzika. Kwa watu wazima msibani maneno hayo ni faraja. Mtoto wa miaka sita huyachukua yalivyo. Aliyetutoka anaweza kurudi, aliyetangulia tutamkuta njiani, na aliyepumzika akishapumzika ataamka. Ndiyo maana hata pale mlangoni mwa banda sikuandika kwamba Pamba alikuwa amelala ubavu, ingawa ndivyo tungesema katika mazungumzo ya kawaida. Angalia pia kwamba baada ya neno hilo mwalimu anaeleza kifo kwa vitu ambavyo mtoto anaweza kuvihakikisha kwenye mwili wake mwenyewe: moyo, pumzi, njaa, baridi. Ukifika hapo katika kusoma, simama. Waache waweke mikono vifuani wausikie moyo. Watafanya hivyo hata usipowaambia.

Hadithi inaendelea:

"Neema alilia. Salim aliuliza kama wanaweza kwenda kucheza mpira. Zawadi alicheka kidogo, halafu akaziba mdomo. Mwalimu Rehema akasema, 'Anayetaka kulia alie, mimi mwenyewe nimesikitika. Asiyelia hajakosea. Anayetaka kucheza, wakati wa kucheza utafika.'

Zawadi hakuongea tena siku ile. Watoto walipotoka kwenda kunywa uji, alimsogelea mwalimu, akanong'ona: 'Ijumaa Pamba alinikwaruza. Nikamwambia simpendi, afe. Ndiyo maana amekufa?'

Mwalimu akachuchumaa, wakawa macho kwa macho. 'Hapana, Zawadi. Maneno hayawezi kumwua sungura. Kukasirika hakuwezi kumwua sungura. Pamba aliugua tumboni, tumbo lake likaacha kufanya kazi. Hukusababisha wewe.'"

Kama ningelazimishwa kuikata hadithi nzima nibakize sehemu moja, ningebakiza hii ya Zawadi. Mtoto wa umri huu huamini kwamba analoliwaza au kulitamka linaweza kutokea kweli, na karibu kila darasa lina mtoto aliyewahi kumkasirikia mnyama, kumvuta masikio, au kusahau zamu yake ya maji. Huyo hatajitokeza mbele ya wenzake. Mara nyingi atanyamaza, au atakuwa mkorofi kupita kawaida, na mwalimu atamwadhibu kwa ukorofi bila kujua kinachomsumbua. Kwa kumweka Zawadi ndani ya hadithi tunamjibu mtoto huyo bila kumtaka ajitaje.

Sababu ya kifo nayo lazima iwe ya kweli, isemwe kwa ufupi. Nimechagua tumbo kwa kuwa ndivyo sungura wengi wa kufugwa wanavyokufa. Tumbo la sungura limeumbwa kusaga majani karibu mchana na usiku, na likisimama, sungura anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Zaidi ya hayo, sungura ni mnyama anayewindwa, kwa hiyo huficha ugonjwa mpaka umemzidi. Ijumaa watoto walimwona mzima kwa sababu alijionyesha mzima. Mwalimu akiijua habari hii hujibu kwa utulivu pale mtoto anaposema "lakini juzi alikuwa anaruka". Kama sababu haijulikani, sema haijulikani, kisha ongeza lile ambalo lina uhakika: si maneno ya mtu wala hasira ya mtu iliyomwua.

Kuna hali ngumu zaidi. Mlango wa banda uliachwa wazi, mbwa akaingia, na darasa zima linajua nani alikuwa wa mwisho kulisha. Hapo hadithi ya tumbo itakuwa uongo, na watoto wataujua. Nionavyo mimi, jibu ni kuuhamishia mzigo huo mahali pake halali: "Kuhakikisha banda limefungwa kila jioni ni kazi ya watu wazima. Mimi ndiye niliyepaswa kuangalia." Maneno hayo ni ya kweli, kwa kuwa mtoto wa miaka sita hapewi dhamana ya uhai wa kiumbe peke yake. Mwalimu ayaseme mbele ya darasa zima kabla watoto hawajaanza kunyoosheana vidole.

Baada ya swali la "ni mimi?" huja maswali mengine mawili, na nimeyaacha nje ya hadithi ili yatoke kwa watoto wenyewe. Moja ni "na mimi nitakufa?", ambalo mara nyingi huja kwa umbo la "jana tumbo liliniuma". Jingine ni "mama atakufa?", ambalo maana yake hasa ni: nani atanilea? Usiahidi kwamba hakuna atakayekufa, kwa sababu ahadi hiyo huwezi kuitimiza. Kwa la kwanza unaweza kusema: "Tumbo la mtoto likiuma, karibu kila mara hupona, na ukiumwa sana tunakupeleka hospitali. Watu wengi hufa wakiwa wazee sana." Kwa la pili: "Natumaini mama yako ataishi miaka mingi. Na daima watakuwapo watu wakubwa wa kukutunza." Kisha mtajieni pamoja kwa majina: bibi, shangazi, baba mdogo. Mtoto hutulia anaposikia majina. Ila kabla ya kuisoma hadithi hii, mwalimu awe anajua ni mtoto gani darasani amefiwa na mzazi au ana mgonjwa nyumbani. Huyo azungumzwe naye pembeni mapema, aelezwe hadithi inahusu nini, na aruhusiwe kukaa karibu na mwalimu au kutoka.

Turudi kwa Pamba:

"Mwalimu na mlinzi walimweka Pamba ndani ya boksi. Mlinzi akachimba shimo chini ya mwembe, nyuma ya darasa. Waliotaka walikuja karibu. Waliotaka kusimama mbali walisimama mbali.

'Atapata wapi hewa?' Salim akauliza.

'Hahitaji hewa sasa. Mwili wake haupumui.'

'Bibi yangu anasema kila kitu kinarudi kwa Mungu,' akasema Neema.

'Kaka yangu anasema wanyama hawaendi peponi,' akasema Salim.

'Watu huamini mambo tofauti kuhusu hilo,' akasema mwalimu. 'Mkaulize nyumbani. Tunachokijua sote ni kwamba Pamba amekufa, na kwamba tulimpenda.'

Kila mtoto akatupia udongo kidogo. Zawadi akatupia mara mbili."

Swali la hewa limewekwa makusudi, kwa kuwa mtoto anayelifikiria anaweza kukaa nalo siku nyingi bila kulitamka. La pepo nalo litaulizwa tu, hasa katika madarasa yetu ambapo Waislamu na Wakristo wanakaa dawati moja. Judith Viorst, mwandishi wa Marekani, alilikuta swali hilo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu paka aitwaye Barney. Watoto wawili wanabishana kama paka yuko mbinguni au ardhini, na mzazi hamtangazi mshindi. Naona ni busara. Darasani mwalimu aseme lile linaloonekana kwa macho, na lile la imani aliache mikononi mwa wazazi.

Maziko yenyewe yana taratibu zake. Watoto wasimshike mnyama aliyekufa, hasa kama hamjui ugonjwa wake. Mtu mzima avae glavu au afunike mkono kwa mfuko, na kila aliyekaribia anawe kwa sabuni. Tumia boksi la karatasi au kitambaa cha pamba, si mfuko wa plastiki, kwa sababu plastiki haiozi. Shimo liwe na kina cha zaidi ya nusu mita na liwe mbali na kisima, ili mbwa wasimfukue. Mbwa akimfukua, watoto watamwona tena, na yote mliyowaeleza yatavurugika. Kama wamekufa wanyama wawili au zaidi ndani ya siku chache, mwiteni kwanza ofisa mifugo kabla hamjazika.

Kumwonyesha mtoto mambo haya waziwazi si jambo jipya. Mwaka 1970 Fred Rogers, mchungaji wa Kipresbiteri aliyekuwa na kipindi cha watoto cha televisheni huko Pittsburgh, Marekani, alionyesha samaki aliyekufa kwenye tangi lake. Alimtoa, akamweka kwenye maji ya chumvi kujaribu kama atazinduka, na alipoona hazinduki akamfunga kwenye karatasi, akachimba shimo, akamzika. Kisha akawasimulia watoto habari za mbwa wake aliyekufa alipokuwa mdogo na jinsi alivyosikitika. Kipindi kizima kilikwenda polepole, bila muziki wa kutisha. Somo la mwalimu lipo katika mwendo huo: aliwapa watoto muda wa kuona kwamba samaki hatikisiki kabla ya kuwaeleza lolote.

Mwisho wa hadithi:

"Siku zilizofuata watoto walichora. Wengine walimchora Pamba akila mchicha. Wengine walichora mwembe. Banda lilibaki tupu.

Ijumaa Salim alikuja na mchicha mkononi. Alifika kwenye banda, akasimama. 'Nilisahau kwamba amekufa,' akasema.

'Hata mimi husahau,' akasema mwalimu, 'halafu nakumbuka.'

Wakaupeleka mchicha kwa mbuzi wa mlinzi. Mbuzi akaula wote."

Hakuna sungura mpya mwishoni. Wengi wanaoandika hadithi za namna hii humleta sungura mdogo kwenye ukurasa wa mwisho ili watoto wafurahi, na mtoto hujifunza kwamba aliyekufa huzibwa pengo kwa kununua mwingine. Mnyama mwingine anaweza kuja muhula unaofuata, watoto wakishirikishwa, akiwa na jina lake mwenyewe. Kusahau nako nimekuacha kuwemo. Margaret Wise Brown, katika hadithi yake ya mwaka 1938 kuhusu watoto waliomzika ndege waliyemwokota, aliandika kwamba walirudi kaburini kila siku hadi waliposahau. Watoto ndivyo walivyo, na wasionewe kwa hilo. Huzuni yao huja na kuondoka: analia saa nne, anacheza saa nne na nusu, na jioni anauliza tena swali lile lile la asubuhi.

Ukimaliza kusoma, usiulize "hadithi inatufundisha nini?" Uliza swali moja: "Pamba anafanya nini sasa?" Majibu yatakuonyesha kila mtoto amefika wapi. Anayesema "hafanyi kitu, amekufa" ameelewa. Anayesema "anachimba ili atoke" hajakosea, ila anahitaji kusikia tena maelezo ya moyo na pumzi kesho, na keshokutwa, kwa maneno yale yale. Ukibadilisha maneno kila siku atadhani habari nayo imebadilika. Mkiwaona uwanjani wakicheza maziko, wakifukia mwanasesere na kuimba, waacheni. Ndivyo wanavyojieleza wenyewe jambo lililowapata.

Wa kumtazama zaidi ni yule ambaye wiki kadhaa zimepita na bado hali vizuri, anaogopa kulala, ameanza tena kukojoa kitandani, au anang'ang'ania mlango asije shule. Mara nyingi huyo sungura amemwamshia msiba mwingine wa nyumbani. Zungumza na mlezi wake, na kama hali haibadiliki, apelekwe kwa mshauri nasaha au kituo cha afya.

Na siku hiyo hiyo ya kifo, mwalimu, waandikie wazazi kabla watoto hawajaondoka. Mistari minne inatosha: kwamba sungura wa darasa amekufa, sababu yake ni nini kama inajulikana, kwamba tumewaambia watoto "amekufa" na si "amelala", na kwamba tunawaomba nyumbani watumie neno hilo hilo.